Programu za simu za kuacha sigara na pombe: ipi uanze nayo

Kuhesabu siku, programu zote zinaweza. Tofauti yake utaiona zile dakika chache hamu inapokushika, na kwa kigezo hicho ndivyo nilivyozipanga.

Kwa mvutaji naanza na Smoke Free. Hamu ikija unaiandika pamoja na ukali wake, na baada ya siku kadhaa unaona mwenendo wake. Mimi wiki ya kwanza niliandika hamu 31, na 19 kati ya hizo zilinikuta na kikombe cha chai mkononi. Sikuwa nimelijua hilo. Nikahama kile kiti nilichozoea kuvutia sigara, chai nikawa naimalizia jikoni nimesimama, na wiki iliyofuata hamu za wakati wa chai zikashuka hadi 6. Idadi ya siku peke yake isingenionyesha hilo. Sehemu ya bure inatosha kuanzia, kwa hiyo usilipe kabla hujaitumia wiki mbili.

Kwenye sehemu ya kuhesabu akiba ya pesa za sigara, jaza ukweli. Anayevuta sigara 10 kwa siku, kwa wiki mbili ameepuka sigara 140, yaani pakiti 7 za sigara 20. Akijaza 20 kwa siku, programu itamwonyesha pakiti 14, na mfukoni hataziona. Ukinunua moja moja, zidisha bei ya sigara moja kwa 20, uandike hiyo kama bei ya pakiti.

Ya pili ni quitSTART ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ni bure, na unaweza kuweka alama saa na mahali hamu inapokujia ili ikukumbushe mapema. Inamfaa ambaye hamu zake zimefungamana na sehemu fulani.

Kwa pombe kuna jambo la kutanguliza. Ukiwa unakunywa sana kila siku, usikate ghafla kwa kutegemea simu. Arosto ya pombe huanza na jasho na mikono kutetemeka, na inaweza kuleta degedege au kuona vitu visivyopo ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo. Inaua. Mwone daktari kwanza, zipo dawa za kukuvusha.

Baada ya hapo, anayeacha kabisa achukue I Am Sober: asubuhi unaahidi siku hiyo tu, usiku unatathmini ilivyokwenda. Anayepunguza atafaidika zaidi na Try Dry ya shirika la Alcohol Change UK, ambayo ni bure na inarekodi vinywaji pamoja na siku zisizo na pombe.

Yoyote utakayochagua, ijaribu mapema: jifanye umeteleza ukavuta au ukanywa, uone kama kumbukumbu zako za hamu zinabaki. Ikizifuta zote, ifute. Siku uliyoteleza ndiyo utakayohitaji kujua ulikuwa wapi, saa ngapi na na nani.