Kamera ya Menyu ya Kijapani: Weka Tarehe, Fomati Kadi, Usipoteze Picha za Watu

Haya watu wangu, karibuni. Tuko Ngamiani, Tanga, feni nimeizima maana inaingia kwenye maiki, kwa hiyo mkiniona natoka jasho msishangae. Mezani leo kuna hii kamera ndogo ya mtumba kutoka Japani. Chapa yake nimeibandika plasta kwa sababu hakuna aliyenilipa. Megapikseli sizisemi, zimeandikwa hapo mbele, kila mtu anaziona. Picha inatoa nzuri, lenzi safi, flashi inawaka. Tatizo ni hili hapa, angalieni skrini. Kijapani mwanzo mwisho.

Najua utaandika pale chini, "kaka badilisha lugha". Ngoja kwanza. Kamera nyingi zilizotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani hazina lugha nyingine. Sony za soko la kwao ndivyo zilivyo, Kijapani peke yake, na si setingi iliyojificha mahali. Canon na Nikon ndogo za zamani baadhi yake unakuta Kiingereza kimo, kwa hiyo ukiwa dukani ingia kwenye alama ya spana, tafuta neno `English`. Likiwepo, umepona. Lisipokuwepo, usimwamini muuzaji anayesema "fundi atakuwekea". Hii yangu haina, nimeitafuta hadi mwisho wa menyu.

Sasa kinachonikera. Betri nimeitoa ikachajiwe, nimeirudisha, kamera inawaka na maandishi haya: `時計を設定してください`. Hapo inakwambia weka saa. Ndani ya kamera mna kibetri kidogo kinachotunza saa wakati betri kubwa haipo, na hicho hujichaji chenyewe kutoka kwenye betri kubwa. Kamera iliyokaa kabatini miaka kibetri chake kimekauka. Iweke betri iliyojaa, iache humo siku nzima ndipo uweke saa. Ukiitoa tena kwa dakika tano na saa ikapotea, basi kibetri kimekufa, na kila ukibadili betri utaanza upya. Kamera bado ni nzima, ila mjue mnanunua nini.

Twende kwenye saa yenyewe. Njooni karibu, navuta picha hapa. Mnaona kisanduku chenye mstari mmoja katikati, kama dirisha la vioo viwili? Hiyo `日` ni siku. Hii yenye miguu miwili chini na mistari miwili ndani, `月`, ni mwezi. Na hii iliyobaki, yenye mistari mingi, `年`, ni mwaka. Japani wanaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Mshale wa kulia na kushoto unakuhamisha kutoka namba moja kwenda nyingine, wa juu na chini unabadilisha namba. Ukienda kulia hadi mwisho, baada ya dakika, unakuta mpangilio: `年.月.日`. Bonyeza juu mpaka dirisha letu lije mbele, `日.月.年`. Hapo tarehe itasomeka tunavyoandika sisi. Hili msiliruke. Picha ikiandikwa 10.5.8 mtu wa hapa atasoma tarehe kumi mwezi wa tano, kumbe ni tarehe nane mwezi wa tano mwaka 2010.

Saa zenyewe zinakwenda kwa ishirini na nne, kwa hiyo saa mbili asubuhi unaweka 8:00 na saa moja jioni unaweka 19:00.

Na hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Japani wametutangulia saa sita. Kamera ikifika kwako saa bado inatembea, tarehe unaiona sahihi, unasema alhamdulillahi, sina kazi. Umeangalia asubuhi! Asubuhi tarehe za Tanga na Tokyo ni zilezile. Shida inaanza saa kumi na mbili jioni. Kwao hapo ni saa sita usiku, siku imebadilika.

Nawapa mfano wa saiti, maana wengi mnaonunua hivi vikamera ni wasimamizi wa ujenzi mnaotaka tarehe ionekane kwenye picha. Tarehe 14 jioni, saa kumi na mbili na dakika kumi, mmemaliza kufunga nondo za msingi, unapiga picha ya ushahidi. Kamera iko saa za Tokyo, kwake ni 0:10 usiku, inachapa tarehe 15. Kesho yake, tarehe 15 asubuhi, mnamwaga zege, na kwenye ripoti mnaandika hivyo. Mhandisi anakaa na karatasi zake: zege limemwagwa 15 asubuhi, halafu picha ya nondo zikiwa wazi ni ya 15. Ilikuwaje? Na kama umechagua tarehe tupu bila saa, huna hata pa kuanzia kujieleza. Picha za mchana wote ziko sawa, za jioni tu ndizo zina kasoro, ndiyo maana mtu anaweza kukaa nayo muda mrefu bila kushtuka.

Kuna sehemu inaitwa `ワールドタイム`, ina alama ya nyumba na alama ya ndege. Ndege ni ya aliye safarini, na mwenye kamera wa kwanza huenda aliiacha hapo. Mimi nasema hivi: weka kwenye nyumba, hata kama nyumba yenyewe ni Tokyo, kisha kwenye `時計設定` andika saa ya Tanga kwa mkono. Kamera itachapa unachokiona kwenye saa yake. Halafu usiiguse tena hiyo ndege. Kujaribu ni rahisi, piga picha ya skrini ya simu yako ikionyesha saa, kisha linganisha na saa iliyochapwa kwenye picha.

Saa imekaa, sasa tuiambie iandike. Kwenye hii ni `日付焼き込み`. Ukishika Nikon tafuta `デート写し込み`, Canon nao wanaandika `日付写し込み`. Ndani kuna `OFF`, na chaguo mbili, moja ya tarehe tupu na moja yenye saa. Kwa saiti chukua yenye saa. Kwa harusi, jamani, mwachieni bibi harusi picha yake, zimeni kabisa! Hii tarehe inaunguzwa ndani ya picha, haifutiki baadaye. Tarehe nyingine ipo hata ukizima, imefichwa ndani ya faili, kompyuta inaisoma.

Angalizo moja la studio. Kamera hizi hupiga picha ya umbo la 4:3, na karatasi ya 10 kwa 15 ni ndefu zaidi, kwa hiyo mashine inakata juu na chini ili ijae. Tarehe inakaa chini kabisa pembeni. Mnaona hii niliyosafisha jana? Nusu ya namba imekwenda na mkasi. Ukijua picha zitachapwa saizi hiyo, tafuta kwenye menyu namba `3:2` uipige hivyo tangu mwanzo, ndivyo karatasi ilivyo.



Memori kadi. Neno ni `フォーマット`. Canon na Nikon wengi wanaandika `カードの初期化`, msije mkasema sikuwaambia. Kwanza hamisha picha zote kwenye kompyuta, ufungue mbili tatu uhakikishe zinafunguka. Kufomati hakuulizi picha gani. Hata zile ulizozifunga kwa alama ya ufunguo zinakwenda, wakati ukifuta kwa kawaida hizo hubaki.

Ukibonyeza linakuja swali na majibu mawili. Hesabu herufi. `はい` herufi mbili, ndiyo. `いいえ` herufi tatu, hapana. Kama hujui uko kwenye menyu gani na swali limetokea, nenda kwenye herufi tatu, au zima kamera kabla hujajibu chochote. Mkiwa mnajifunza menyu, chomoeni kadi yenye picha, wekeni tupu. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko wote leo.

Ikikataa kufomati, usikimbilie kusema kadi mbovu. Chomoa, tazama ubavuni. Hiki kidude kidogo kikiwa upande wa `LOCK` kamera haiandiki. Hizi adapta za kadi ya simu ndizo zinazosumbua, kidude kimelegea, ona, nikiichomeka tu kinateleza chenyewe. Nimekibandika selotepu nyembamba na sasa inakubali. Pia angalia ukubwa. Kadi za GB 64 na kuendelea ni aina ya SDXC, iliyotangazwa 2009, na kamera za kabla ya hapo hazizijui. Za zamani zaidi, kabla ya 2006, hata ya 4 zinaigomea, zinataka 2 kushuka chini. Mimi nimeweka ya 8, inatosha sana.

Na aliyekwisha kufomati picha za mteja, acha kupiga. Usipige hata moja ya kujaribu. Fomati ya kawaida inafuta orodha, picha zenyewe huwa bado zimo mpaka zipandiwe na nyingine, na programu kama PhotoRec inaweza kuzitoa. Isipokuwa kwenye Canon kama ulitia alama `物理フォーマット`. Hiyo inasafisha kadi yenyewe, usiwe na matumaini nayo.

Bei? Nimeichukua 55,000 baada ya kuanza kwenye 70,000. Kwa 55,000 ichukue. Wakikutajia laki, kuna Canon zenye Kiingereza kwa pesa hiyo, kaa nazo ukachague kwa utulivu. Ila kabla hujatoa hela geuza chaja usome mgongoni. Ikiandikwa `INPUT 100-240V` ni salama, tafuta adapta ya plagi tu, maana miguu yake ni bapa. Ikiandikwa `100V` peke yake, umeme wetu wa 230 utaiunguza siku hiyohiyo, mwambie muuzaji akupunguzie bei ya chaja.