API ya umbali kwa app ndogo ya delivery: ipi ununue, na bili utaizuiaje

Chukua app ya boda Dar yenye oda 150 kwa siku na madereva 20 hewani. Kila oda ikiingia unauliza nani yuko karibu na duka, basi hiyo ni rikwesti moja tu kwenye kodi yako ila kwenye bili wanahesabu kila pea ya dereva na duka, yaani 20. Zidisha: 150 × 20 × 30 = 90,000 kwa mwezi. Hapo ndo wengi wanapigwa, wanahesabu rikwesti badala ya pea.

Namba moja kwangu ni Mapbox Matrix. Pea 100,000 za kwanza kila mwezi ni bure, kwa hiyo app hii hailipi kitu. Ila angalia hapa vizuri sana: usipotaja nani anaenda wapi, yenyewe inapima kila nukta kwenda kila nukta, sehemu 21 zinakuwa pea 441 kwa oda moja, karibu milioni 2 kwa mwezi! Weka duka liwe la kwanza kwenye orodha halafu ongeza hii:

```
destinations=0
```

Zinarudi kuwa 21, maana duka nalo linapimwa kwenda kwake lenyewe.

Namba mbili, OSRM kwenye seva yako mwenyewe na ramani ya OpenStreetMap. Unalipia seva tu, uulize mara ngapi ni juu yako. Tatizo haijui foleni, dakika za Ubungo saa kumi na moja jioni zitakudanganya, ila kwa kupanga nani yuko karibu inatosha kabisa.

Tatu ni Google Routes. Kwa kutafuta majina ya sehemu za huku Google naiamini zaidi, lakini kwa kazi hii ni ghali. Bure ni pea 10,000, zinazobaki 80,000 kwa dola 5 kila elfu ni dola 400. Ukiwasha `TRAFFIC_AWARE` bei inapanda hadi dola 10 kwa elfu na za bure zinashuka kuwa 5,000, inakuwa dola 850. Na ukiweka `TWO_WHEELER` kwa sababu madereva wako wana pikipiki, jamani, ni dola 15 kwa elfu, za bure 1,000 tu, jumla dola 1,335 kwa kazi ileile.

Yoyote utakayochukua, kwanza pima umbali ulionyooka kwa hesabu ya haversine ndani ya seva yako, haina gharama, chukua madereva watatu wa karibu ndo uwaulizie. Pea zinashuka hadi 13,500 na ile dola 400 ya Google inakuwa dola 17.50.

Halafu ile barua pepe ya bajeti ya Google inakuonya tu, haizimi kitu. Weka kaunta kwenye bekiendi yako, pea za siku zikifika mfano 1,000 app itumie umbali ulionyooka mpaka kesho, oda ziendelee kutoka.