Sadini, makereli au sato: ukitaka omega 3 nunua yupi?

Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano, kliniki wakamwambia ale samaki sana kwa ajili ya ubongo wa mtoto, basi kila Jumatano na Jumapili nyumbani kwake ni sato, mzima, wa kukaanga, na anamnunua kwa bei ambayo mi nikisikia nashtuka. Nikamuuliza wifi kwani walikwambia sato? Akasema hapana walisema samaki. Ndo maana nikaamua niandike hii, kwa sababu kwenye omega 3 neno "samaki" peke yake halikusaidii kitu, kuna samaki anakupa mara kumi ya mwenzake na wote wamelala kwenye friza moja.

Habari za chumvi naziweka pembeni kabisa, najua samaki wa kopo ana chumvi na kuna watu wanatakiwa waiangalie, hiyo ni mada nyingine. Hapa naongelea mafuta ya omega 3 tu, tena yale mawili ambayo kwa kweli yako kwenye samaki, yanaitwa EPA na DHA. Hii DHA ndo inayojenga ubongo na macho ya mtoto. Omega 3 ya kwenye mbegu za maboga au soya ni ya aina nyingine, mwili unaibadilisha kidogo sana kuwa hizi mbili, kwa hiyo usizihesabu pamoja.

Namba zenyewe, kwa kila gramu 100 za nyama ya samaki, nimezitoa kwenye jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani. Makereli wa Atlantiki akiwa mbichi ana kama gramu 2.3, akishapikwa kwa moto mkavu ni kama gramu 1.2. Sadini wa kopo wa kwenye mafuta, ukishamchuja, ni gramu 1 hivi, na yule wa Pasifiki wa kwenye sosi ya nyanya anafika 1.4. Sato mbichi? Gramu 0.09. Akipikwa anakuwa 0.13 kwa sababu maji yamepungua na nyama imejikusanya. Soma tena hapo, sato hafiki hata robo gramu.

Na sababu wala haijifichi. Sato ana mafuta kidogo mno mwilini, gramu 1.7 tu kwenye gramu 100, wakati makereli ana karibu 14 na sadini wa kopo kama 11, sasa kama mafuta yote kwa ujumla ni 1.7 hiyo omega itatoka wapi? Halafu EPA na DHA zinatengenezwa na mimea midogo sana ya baharini isiyoonekana kwa macho, vidudu vinaila, sadini na makereli wanakula hivyo vidudu, mafuta yanajilimbikiza kwenye minofu na tumboni. Sato wa bwawani anakula pumba, mahindi na soya, kwa hiyo mafuta yake machache yanafuata alichokula. Wa ziwani anayejitafutia mwenyewe anaweza kuwa na afadhali kidogo lakini bado ni samaki wa mafuta machache, hawezi kumfikia mwenye mafuta.

Sasa turudi kwa wifi tupige hesabu. Kwa mama mjamzito, wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walipendekeza mwaka 2008 angalau gramu 0.3 za EPA na DHA kwa siku, na ndani ya hizo 0.2 ziwe DHA. Kwa wiki ni gramu 2.1. Yeye anakula sato mara mbili, tuseme kila mara nyama gramu 150 baada ya kutoa miba, jumla 300, zidisha kwa 0.13 unapata kama gramu 0.4. Yaani chini ya robo ya anachohitaji, na hela imeshatoka. Ili afikishe 2.1 kwa sato peke yake angetakiwa ale zaidi ya kilo moja na nusu ya nyama tupu kila wiki, na ukikumbuka kwamba sato mzima ukitoa kichwa, mifupa na matumbo unabaki na nyama kama theluthi tu, hiyo ni zaidi ya kilo nne za samaki wa kununua. Kwa makereli aliyepikwa ni gramu 175 tu, vipande viwili vya kawaida. Kwa sadini ni gramu 210, makopo mawili na kidogo.

Kwa hiyo mi nawapanga hivi.

Namba moja ni makereli, lakini hapa ndo watu wanapotea kwa sababu ya majina. Makereli mwenye namba kubwa ni yule wa maji ya baridi, mgongo una michirizi myeusi kama mawimbi na tumbo jeupe linang'aa, kwetu anakuja akiwa barafu na wauzaji wengi wanamwita kibua kama wanavyomwita kibua wetu wa pwani. Kibua wetu ni ndugu yake kweli na ni samaki mzuri sana, ila wa maji ya moto mara nyingi hana mafuta mengi hivo, kwa hiyo ukinunua yule wa soko la samaki la Feri asubuhi usimbebeshe namba ya 2.3. Halafu kuna nguru, naye kwa Kiingereza anaingizwa kwenye ukoo wa makereli, mtu anasoma mtandaoni makereli ana omega nyingi anaenda kununua kipande cha nguru. Nguru ni jamii nyingine, ndugu yake mkubwa wa Marekani amepimwa ana gramu 0.3 tu, na huyo huyo kule wajawazito wanakatazwa kumla kwa sababu ya zebaki. Ukubwa wa samaki na umri wake ndo unaleta hiyo zebaki, hawa wadogo kama sadini na makereli wa Atlantiki wana kidogo.

Jambo lingine la makereli ni msimu. Huyu wa Atlantiki akitoka kutaga anakonda mpaka mafuta yanashuka chini ya asilimia 5, akishakula kiangazi chote chao cha kule yanaweza kupita 25. Kwa hiyo hata kwenye jedwali ukiona mbichi 2.3 na aliyepikwa 1.2 usiseme moto umekula nusu, samaki wenyewe waliopimwa hawakuwa walewale. Chukua kati ya 1 na 2 utakuwa salama.

Kwenye friza angalia tumbo. Mafuta haya yanaharibika haraka kuliko ya nyama, hata kwenye barafu yanaendelea kuharibika polepole. Juzi nimeinua mmoja, mgongo mzuri, nikamgeuza, kuanzia kwenye tumbo kwenda mkiani kuna rangi ya njano inaelekea kahawia kama kutu ya bati, na barafu ilikuwa imemganda upya juu yake vipande vipande. Nikamuuliza kijana, kaka hawa wameingia lini? Akasema dada hawa wapya kabisa wa jana. Nikamnusisha. Harufu ilikuwa ya rangi ya mafuta ile ya kupaka mlango, sio harufu ya samaki. Hiyo ndo omega iliyoharibika, ukimpika utahisi ukali fulani kooni, mrudishe. Barafu iliyoganda upya na maji mekundu chini ya mfuko ni dalili kwamba umeme ulikatika au walimyeyusha wakamgandisha tena. Na kwa makereli hilo sio suala la ladha tu, akikaa kwenye joto anatengeneza sumu inayokufanya uwashwe mwili, uso uwe mwekundu na kichwa kigonge, na kupika hakuiondoi. Nyumbani usimweke friza zaidi ya miezi miwili mitatu.

Namba mbili ni sadini wa kopo, na kama huna friza ya uhakika au humwamini muuzaji, kwangu huyu anapanda kuwa namba moja. Analiwa wote na mifupa, hakuna cha kutupa. Lile kopo dogo la gramu 155 ukitoa sosi unabaki na samaki kama gramu 90, kwa hiyo ni gramu moja hivi ya omega, wakati mwingine zaidi. Linganisha na kilo nzima ya sato: nyama gramu 350, omega gramu 0.3. Kopo moja ni sawa na kilo tatu za sato! Nenda dukani kwako na bei zako mwenyewe uone.

Kwenye kopo soma uzito wa samaki baada ya kuchuja, sio ule mkubwa wa mbele. Chukua wa sosi ya nyanya kuliko wa mafuta, kwa sababu yale mafuta ni ya alizeti au soya, omega ya samaki inahamia humo kidogo kidogo na wengi wetu tunayamwaga kwenye sinki. Sosi utaila na ugali.

Namba tatu ni sato, na sisemi mumwache, yale maneno yanayozunguka kwamba sato ni sumu sio kweli. Ana protini gramu 20 kwenye 100, zebaki kidogo, watoto wanampenda. Mnunue kwa hayo. Ukimkaanga anatoka na mafuta ya karai mengi kuliko aliyokuwa nayo mwenyewe, kwa hiyo unakula mafuta ya alizeti yenye umbo la sato.

Na dagaa, maana najua mtauliza. Dagaa wa Kigoma ni wa ukoo wa sadini kabisa, wa Mwanza ni ukoo mwingine, wote ni wa ziwani, maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo usiwape namba za sadini wa bahari. Wakavu wamekaushwa juani siku nzima na jua ndo adui wa haya mafuta, wanuse vilevile kama makereli, wakiwa na rangi ya njano na ukali wa kooni omega imeshaenda.

Upikaji: makereli usimzamishe kwenye mafuta, mafuta yake yanabaki karaini. Mpike mchuzi wa nazi au wa nyanya, kinachotoka kinabaki kwenye mchuzi unaula. Wifi sasa hivi Jumatano ni makereli wa mchuzi, kipande kinene gramu 150 hivi, Jumamosi asubuhi kopo moja na chapati, jumla kama gramu 2.8. Sato amebaki Jumapili kwa ajili ya kaka.