Jiko jipya lilinishinda, friji la mtumba likanifaa

Nilipofungua kimgahawa changu nilikadiria sahani 60 za mchana, nikanunua jiko jipya la gesi la pleti nne, lenye oveni, linang'aa. Siku ya kwanza nikabandika sufuria ya maji lita 20. Saa nzima ikapita, maji hayajachemka. Isitoshe, sufuria yenyewe ilifunika pleti ya jirani, kwa hiyo zile nne zikawa mbili tu.

Nikamwita fundi nikidhani gesi haitoki vizuri. Akasoma kibao cha nyuma: pleti kubwa kuliko zote ni ya kilowati 3. "Jiko ni zima," akasema, "ila ni la nyumbani."

Akanipigia hesabu ambayo ningepaswa kuipiga dukani. Kupandisha lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji karibu kilowati 1.9 kwa saa moja. Karibu nusu ya moto wa gesi hupotea pembeni mwa sufuria, kwa hiyo pleti ya kilowati 3 inafikisha 1.5 hivi. Hapo ni saa moja na robo, na chakula chenyewe bado hakijaingia. Pleti ya kilowati 8 inamaliza kazi hiyo kwa takriban nusu saa.

Basi nikanunua jiko la chini la chuma, lililotumika, la kilowati 8. Kwa jiko mtumba hauniogopeshi, maana hakuna cha kuharibika ndani kusikoonekana. Niliwasha nikaona moto wa bluu (ukiwa wa njano utapaka sufuria masizi), nikapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira wa gesi, hakuna pumzi iliyotoka. Nilichosahau ni mtungi: jiko hilo linakula zaidi ya nusu kilo kwa saa, na mtungi wangu mdogo uligandia baridi, moto ukafifia. Ikabidi ninunue mkubwa.

Friji ndilo la kuogopa. La kwanza nililoonyeshwa lilikuwa limeshawashwa tangu asubuhi, lina baridi tele, lakini mota haikunyamaza hata mara moja kwa saa mbili nilizokaa pale. Nikaliacha. La pili, la lita 300, nililikuta limezimwa na mota imepoa. Tukaliwasha, nikaweka kipimajoto kwenye glasi ya maji ndani, nikarudi jioni: nyuzi 4, na mota inapumzika kisha inawaka tena. Karatasi niliyoibana mlangoni ilichomoka kirahisi kwenye kona moja ya chini, yaani mpira wa mlango haubani pale, wakanipunguzia bei ya friji kwa kiasi cha mpira mpya.

Lita 300 zinanitosha kwa akiba ya siku moja, tena nikiacha nafasi ya hewa kupita. Ila mpishi wangu akiingiza sufuria ya moto jioni, asubuhi nakuta kila kitu ndani kina nyuzi 9. Sasa sufuria tunaipooza kwanza kwenye beseni la maji baridi.

Lile jiko jipya? Liko nyumbani kwangu, na oveni yake ni safi sana.