Tahadhari: “wahudumu” wanaoomba maneno 12 ya pochi yako ya USDT

Ndugu zangu wa Goma mnaopokea malipo kwa USDT, tafadhali someni habari hii kabla hamjamjibu mtu yeyote anayejiita mhudumu wa pochi yenu. Mama mmoja anayeuza vitenge Birere amepoteza USDT 412, fedha alizozikusanya ili amlipe mtu anayemletea mzigo. Ameniruhusu nieleze jinsi ilivyotokea, bila kumtaja jina, ili njia hii ijulikane.

Alikuwa na USDT hizo kwenye mtandao wa Tron, katika pochi iliyo ndani ya simu yake mwenyewe. Kila alipojaribu kuzituma, programu ilikataa. Sababu yake ilikuwa ndogo sana: katika mtandao wa Tron, ada ya kutuma USDT kwa kawaida hailipwi kwa USDT bali kwa TRX, sarafu ya mtandao huo wenyewe, na yeye hakuwa na TRX hata kidogo. Angempata mtu wa kumtumia TRX chache kwenye anwani yake, tatizo lingeisha papo hapo. Lakini hakulijua hilo, akauliza katika kundi la Telegram linalobeba jina la programu hiyo, na hazikupita dakika nyingi kabla mtu mwenye nembo ya programu kwenye picha yake kumwandikia faraghani, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili cha adabu.

Nimeyasoma mazungumzo yale yote. Huyo mtu hakuomba mara moja yale maneno 12 ya kurejesha pochi. Aliuliza anwani, akauliza kiasi, akamwambia kwamba pochi yake “haijaoanishwa na seva”, kisha akamtumia kiungo cha ukurasa wenye visanduku 12 vitupu. Mama aliposita, alijibiwa hivi: “Uko sahihi kuogopa, Mama. Usinitumie mimi maneno yako, wala usimpe mtu yeyote. Yaandike kwenye mfumo peke yake, mimi siyaoni.” Jibu hilo ndilo lililomvuta, kwa sababu linafanana kabisa na onyo ambalo programu yenyewe humpa mtu siku anapofungua pochi. Ukurasa ule ulikuwa wa mwizi, na kila kilichoandikwa katika visanduku vile kilimfikia moja kwa moja.

Kilichofuata kinaonekana wazi kwenye Tronscan, ambako mtu yeyote anaweza kutazama mwenendo wa anwani yoyote. Kwanza ziliingia TRX chache kutoka kwa anwani isiyojulikana. Muda mfupi baadaye, USDT zote 412 zikatoka. Mwizi alilipa ada kwa TRX zake mwenyewe. Hiyo inaonyesha kwamba alijua tangu mwanzo tatizo la kweli lilikuwa nini, na habari za seva na kuoanisha zilikuwa uongo mtupu.

Sasa naomba tuelewane vizuri kuhusu maneno haya, maana wengi wanayachukulia kama nenosiri la benki, na hapo ndipo wanapopotea. Nenosiri la benki hukaguliwa na benki, kwa hiyo benki ina kitu cha kulinganisha nalo. Maneno ya kurejesha pochi hayako hivyo. Simu yako huyachagua kwa bahati nasibu kutoka katika orodha ya maneno 2048 iliyo wazi kwa wote, ambayo huitwa BIP-39, kisha kwa hesabu inayofanyika humo humo ndani ya simu huyageuza kuwa funguo za siri zinazotia saini malipo yako. Kwa pochi ya aina hii, waliotengeneza programu hawabaki na nakala. Kwa kuwa hawana nakala, hawana cha kulinganisha, na neno “kuthibitisha pochi” linakosa maana kabisa.

Mhudumu wa kweli anahitaji nini basi ili akusaidie? Anahitaji anwani yako, namba ya muamala inayoitwa TXID ikiwa muamala upo, jina la mtandao, na toleo la programu. Kwa hayo tu anaona kila kitu kinachoonekana: fedha zimefika au hazijafika, ada imetosha au haikutosha, umetumia mtandao sahihi au umekosea. Maneno 12 hayamwongezei jambo lolote la kuona. Yanaongeza uwezo mmoja tu, nao ni kutia saini mahali pako, yaani kutumia fedha zako. Ikiwa fedha zako zimewekwa katika soko la kubadilishia sarafu na si katika pochi yako mwenyewe, kwa kawaida hukupewa maneno hayo hata siku moja; huko utaombwa kitambulisho, na anayekuomba maneno atakuwa amejifichua mwenyewe.

Kuna wanaojidhani wajanja kwa kutoa sehemu tu ya maneno, na wezi wanawasubiri. Mmoja hukuambia umtumie herufi nne za mwanzo za kila neno. Lakini orodha ile imetungwa ili herufi nne za mwanzo zitoshe kutofautisha kila neno, kwa hiyo umempa yote. Mwingine hukuambia umpe maneno 11 na ubaki na la mwisho “kwa usalama wako”. Neno la 12 hubeba ndani yake hesabu ya kuhakiki yale yaliyotangulia, na kwa sababu hiyo, mtu akishayajua 11 kwa mpangilio wake, katika maneno 2048 ni 128 tu yanayoweza kukaa mahali pale. Kompyuta hujaribu 128 mara moja.

Mahali halali pa kuyaingiza maneno hayo ni ndani ya programu ya pochi uliyoipakua wewe mwenyewe kutoka chanzo chake rasmi, siku ambayo umebadilisha simu na unaifungua upya pochi yako. Hapo ni wewe unayeanza, si mtu aliyekuandikia.

Ikiwa tayari umeyaandika kwenye ukurasa kama ule au umempa mtu, usipoteze muda kubadilisha PIN wala kufuta programu, kwa kuwa mwizi haitumii simu yako. Ameifungua pochi ile ile kwenye kifaa chake. Fungua pochi mpya yenye maneno mapya, ikiwezekana kwenye simu nyingine, kisha uhamishie huko kilichobaki katika mitandao yote, maana maneno yale yale mara nyingi hufungua Bitcoin, Ethereum na Tron kwa pamoja. Usitume TRX kwenye pochi ya zamani ukitarajia kuokoa kitu polepole: mara nyingi wezi huacha programu inayoivizia anwani hiyo na kuchukua kila kinachoingia kabla wewe hujakigusa. Nakili TXID ya wizi na anwani ya mwizi, na ikiwa fedha zimepelekwa kwenye soko la sarafu, liandikie soko hilo haraka kupitia ukurasa wake wenyewe, kwani huenda likazuia akaunti hiyo ikiwa fedha bado ziko humo.

Mama wa vitenge amekwisha kupata ujumbe mwingine, safari hii kutoka kwa “mtaalamu wa kurudisha fedha zilizoibwa” anayetaka dola 50 za kuanzia. Muamala uliokwisha kuthibitishwa na mtandao haurudishwi nyuma na mtaalamu yeyote, na anwani ya Mama iko wazi kwa kila mtu pamoja na wizi ulioonekana hapo. Hakumjibu.