Eafoni za waya, eafoni za Bluetooth au hedifoni kubwa: uzoefu wangu kwenye zamu ndefu za kupokea simu

Nimetumia aina zote tatu kwenye dawati la kupokea simu za wateja, na uamuzi wangu nautoa kabisa mwanzoni. Kwa mtu anayekaa kitini kwa saa nane akiongea, zinazofaa ni hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima, zenye waya wa USB na maiki ya mkono, yaani iliyo kwenye kijiti kinachotoka sikioni hadi karibu na mdomo. Eafoni za waya za kawaida zinafuata, na haziko mbali kama wengi wanavyodhani. Eafoni ndogo za Bluetooth nazipenda sana nikiwa njiani, lakini kwa kazi hii naziweka mwisho.

Kinachoamua ni maiki. Wengi tukienda kununua tunajaribu kwa wimbo, tukisikia besi imekaa vizuri tunalipa. Besi hiyo mteja haisikii. Yeye anasikia kile maiki inachookota, na maiki inaokota vitu viwili kwa pamoja: sauti yako na sauti ya chumba kizima kilichojaa watu wanaoongea na simu.

Hapo umbali kati ya maiki na mdomo ndio unaofanya kazi kubwa. Kila umbali huo ukiongezeka mara mbili, sauti yako inayofika kwenye maiki inashuka kwa takriban desibeli 6. Maiki ya mkono ikikaa vizuri iko kama sentimita 3 kutoka pembe ya mdomo. Maiki ya eafoni ya Bluetooth iko sikioni, kama sentimita 12 hivi. Kutoka 3 hadi 6 umepoteza desibeli 6, kutoka 6 hadi 12 umepoteza nyingine 6, jumla 12. Mwenzako aliye dawati la pili, mita moja na nusu kutoka kwako, sauti yake inafika kwenye maiki zote mbili kwa nguvu ileile. Kwa hiyo yako imeshuka na ya kwake imebaki palepale.

Watengenezaji wa eafoni za Bluetooth wanajua hilo, ndiyo maana wanaweka programu ndani yake ya kuchuja kelele. Programu hiyo inafanya vizuri kwa feni au kiyoyozi, kwa sababu mvumo wake haubadilikibadiliki. Jirani anayeongea ni kazi nyingine, maana sauti yake nayo ni ya mtu kama yako. Programu ikibana sana, inakula miisho ya maneno yako, hasa ukiwa unaongea taratibu. Mteja atakwambia "unakatika katika", nawe utalaumu mtandao. Dalili ya kutofautisha mtandao na maiki ni hii: mtandao ukiwa mbaya, hata wewe unamsikia mteja akikatika; ikiwa unamsikia safi lakini yeye analalamika, na anapoteza zaidi silabi za mwisho, anza kuishuku maiki.

Tatizo la pili la Bluetooth linawachanganya wengi kwa sababu linatokea pale tu simu inapoingia. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kupitisha sauti. Moja ni ya kusikiliza tu, nayo ni safi. Nyingine ni ya mazungumzo, inayobeba spika na maiki kwa wakati mmoja, nayo ni nyembamba. Maiki ikifunguka, eafoni zinahama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na papo hapo sauti inakuwa kama inatoka kwenye kopo. Kwenye kompyuta za Windows 10 na za kabla yake utaziona njia hizo kama vifaa viwili tofauti, kimoja kimeandikwa `Stereo` na kingine `Hands-Free AG Audio`. Ukichagua `Stereo` ili upate sauti nzuri, maiki ya eafoni haifanyi kazi, na kompyuta inaweza kuanza kutumia maiki yake yenyewe iliyo kwenye skrini bila wewe kujua. Mteja anakusikia uko mbali na anasikia kila kitufe unachobonyeza.

Hiyo njia ya mazungumzo nayo kwa kawaida ina daraja mbili. Ya zamani inachukua sampuli za sauti mara 8,000 kwa sekunde, ya baadaye mara 16,000. Tofauti unaisikia kwenye herufi kama "s" na "f", ambazo sehemu kubwa ya utambulisho wake iko juu kabisa kwenye sauti nyembamba. Kwenye daraja la chini zinafanana, na mteja akikutajia namba ya kumbukumbu yenye herufi unalazimika kumuuliza mara mbili. Ili upate daraja la juu, lazima eafoni na kompyuta vyote viwe vinaliweza. Kimoja kikishindwa, vyote vinashuka bila onyo lolote. Haki isemwe, kama mteja amepiga kwa laini ya simu ya kawaida ya zamani, sauti yake imeshakatwa huko juu kabla haijakufikia, na hakuna kifaa cha kuirudisha. Ila hakuna haja ya kuikata mara ya pili mezani kwako.

Kisha kuna betri. Tuseme boksi linasema saa 6 za muziki. Kwa mazungumzo hupati hizo, kwa sababu maiki na ile programu ya kuchuja navyo vinakula chaji. Tuchukue saa 4. Zamu ikianza saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, ukivaa zote mbili zitakata saa sita mchana, simu zikiwa zimepamba moto. Njia inayosaidia ni kuvaa moja moja. Vaa ya kulia hadi saa tano huku ya kushoto iko kwenye kikopo chake ikichaji, halafu badilisha hadi saa nane, halafu rudisha ya kulia umalizie. Badilisha baada ya simu kuisha, kamwe si katikati, maana nyingi zinanyamaza kidogo zinapokabidhiana maiki. Na kabla ya kununua hakikisha kila upande una maiki yake na unaweza kufanya kazi peke yake. Hata hivyo betri ndogo kiasi hicho zinazochajiwa kila siku huanza kupungua nguvu baada ya mizunguko mia kadhaa, na kwa kazi hii mizunguko hiyo inafika upesi.

Jambo moja dogo: zima Bluetooth ya simu yako ya mkononi ukiwa kazini. Eafoni zinazoshika vifaa viwili kwa pamoja zinaweza kuhamia kwenye simu ya mkononi inapoita, nawe uko katikati ya sentensi na mteja.

Eafoni za waya hazina shida yoyote kati ya hizo. Hazina chaji ya kuisha wala njia mbili za sauti. Shida yake ni kile kikebe cha maiki kinachoning'inia kifuani. Kikikaa kwenye kola, kila ukigeuza shingo mteja anasikia mkwaruzo mkubwa kama wa karatasi. Usikishike kwa mkono, maana vidole navyo vinakwaruza. Pitisha waya juu ya sikio, kwa nyuma, kisha uchomeke eafoni. Waya unapanda na kikebe kinapanda nacho kuelekea kwenye taya. Kisha bana waya kwenye nguo kwa kibanio, chini ya kikebe, na uache ulegevu kidogo ili kichwa kiweze kugeuka.

Angalia pia pini. Pini ya eafoni yenye maiki ina mistari mitatu, ya muziki tu ina miwili. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la spika na la maiki, na pini ya mistari mitatu ikiingizwa kwenye la spika utasikia vizuri lakini maiki haitaonekana. Unahitaji kiunganishi chenye matawi mawili, au cha USB. Kuhakikisha, fungua mipangilio ya sauti, tazama mstari wa `Input`, kisha gonga kikebe taratibu kwa ukucha. Mstari ukiruka, ndiyo maiki inayotumika. Ukibaki umelala, gonga mwili wa kompyuta; ukiruka hapo, mteja alikuwa anasikia maiki ya kompyuta.

Eafoni za kuingia ndani ya sikio, ziwe za waya au za Bluetooth, zina mpaka mwingine. Zinaziba tundu la sikio, unyevu unabaki ndani, na nta inasukumwa kwenye wavu wa spika. Upande mmoja ukianza kusikika kwa chini, usiongeze sauti kwanza. Toa kimpira, elekeza wavu chini, usugue kwa brashi kavu laini. Mara nyingi sauti inarudi. Sikio likiwasha au kutoa maji, ziache kabisa mpaka lipone.

Sasa hedifoni kubwa. Ubora wake wote unategemea ule mkono wa maiki kukaa mahali pake. Weka kwenye pembe ya mdomo, chini kidogo, upana wa vidole viwili kutoka kwenye ngozi. Ukiuweka mbele ya midomo, pumzi ya "p" na "b" inapiga maiki moja kwa moja na mteja anasikia mlipuko. Mikono mingine ina tundu upande mmoja tu, hivyo ukivaa kinyume unaongea na mgongo wa maiki. Na ukiuinua ili unywe maji, hedifoni nyingi zinazima maiki zenyewe. Ukiushusha, urudishe mpaka mwisho.

Kinachochosha ni joto na mbano. Mito ya ngozi ya bandia inatunza joto kuliko ya kitambaa, ingawa ya kitambaa inaruhusu kelele zaidi. Mvaaji wa miwani ajaribu akiwa ameivaa, kwa sababu mto mgumu unakandamiza fremu juu ya sikio, na maumivu yake huanza baada ya saa moja hivi, si dukani. Mto ukigusa ncha ya sikio badala ya kulizunguka, hiyo ni ndogo kwako.

Kuna jambo ambalo wengi hawalihusishi na hedifoni. Masikio yote mawili yakizibwa, huisikii vizuri sauti yako mwenyewe, na bila kukusudia unaipaza. Jioni koo limekauka na jirani analalamika. Hedifoni nzuri za kazi hii hurudisha sauti yako kidogo kwenye spika. Tafuta mpangilio huo ulioandikwa `Sidetone`, upandishe hatua kwa hatua mpaka uongee kama unavyoongea na mtu aliye mbele yako. Kama haupo, sogeza mto mmoja nyuma ya sikio, au chukua aina ya sikio moja ikiwa chumba kimetulia. Ile teknolojia ya kuua kelele masikioni mwako inapunguza mvumo wa feni na ni raha kwako, lakini haimsaidii mteja hata kidogo, na isikufanye ulipie zaidi ukidhani ndiyo itakayosafisha maiki.

Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasipitishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na zamu zetu ndizo saa 40 hizo. Kwa kuwa hedifoni zinazuia kelele ya chumba, shusha sauti simu ya kwanza ya siku, chumba kikiwa kimya, na uipandishe tu ukishindwa kuelewa neno.

Kabla ya kununua, uliza kama mito na sponji ya maiki vinauzwa peke yake, maana ndivyo vinavyochakaa kwanza. Sponji ikichanika, milipuko ya "p" inarudi. Na waya uache ulegevu mezani, mbali na magurudumu ya kiti. Mara nyingi waya hufia pale unapotokea kwenye hedifoni au kwenye plagi. Ukiukunja taratibu mahali hapo na sauti ikakatika, umeshakatika ndani.