Azimio 1267 mezani: linafunga kiasi gani?

Karibuni watazamaji. Leo tunalichambua azimio 1267 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Oktoba 1999 dhidi ya Taliban.

Tuanze na maandishi yenyewe. Utangulizi unaitaja Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayolipa Baraza nguvu ya kulazimisha, na kifungu cha 4 kinaanza na neno "linaamua", kisha kinaziamuru nchi zote kuzuia fedha za Taliban. Hapo hakuna hiari: Ibara ya 25 inazibana nchi wanachama kutekeleza maamuzi ya Baraza. Kingesema "linatoa wito", tungekuwa na shaka. Mwaka 1971, katika shauri la Namibia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kwamba lazima uyapime maneno ya azimio, mjadala uliolizaa na ibara zilizotajwa. Sura ya Saba kutotajwa peke yake hakuliondolei azimio nguvu, na wengi hukosea hapo.

Ubovu ulianzia kwenye orodha ya wanaowekewa vikwazo. Azimio 1333 la mwaka 2000 lilipanua vikwazo hadi kwa washirika wa Osama bin Laden, na Oktoba 2001 jina la mfanyabiashara wa Saudia, Yassin Abdullah Kadi, likaingizwa. Umoja wa Ulaya ukamzuilia mali bila yeye kuelezwa ushahidi wala kupata pa kujitetea. Hili ni kosa la msingi kabisa, na hofu ya ugaidi haiwezi kulihalalisha.

Alikwenda mahakamani. Ulaya ilijitetea kwa Ibara ya 103, inayouweka wajibu wa Mkataba juu ya mikataba mingine yote. Lakini tarehe 3 Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilibatilisha kanuni iliyomhusu, kwa kuwa ilivunja haki zake za msingi. Shikeni hili vizuri: azimio halikuguswa. Kilichovunjwa ni sheria ya Ulaya ya kulitekeleza, kwa sababu hakuna mahakama yenye mamlaka ya kulifuta azimio moja kwa moja. Mipaka ya Baraza ipo, na Ibara ya 24 inalitaka lifuate malengo na kanuni za Umoja wa Mataifa. Kinachokosekana ni mlango wa kulishtaki.

Shinikizo hilo lilizaa marekebisho. Azimio 1904 la mwaka 2009 lilianzisha ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya walioorodheshwa. Tangu 2011, akipendekeza jina liondolewe, linaondoka baada ya siku 60, isipokuwa kamati nzima ya Baraza inayosimamia vikwazo hivyo ikubaliane kulibakiza, au mjumbe mmoja alipeleke suala kwenye Baraza. Kadi aliondolewa Oktoba 2012.

Nampa msuluhishi alama nzuri kwa utaratibu huo wa siku 60, ila anahudumia orodha ya Al-Qaida na Dola la Kiislamu tu. Aliyewekewa vikwazo chini ya orodha nyingine hawezi kumfikia.